Naomba risiti kabla ya Alhamisi: namna ya kulainisha barua pepe kali bila ombi kupotea

Tuanze na barua yenyewe. Mwandishi ni mhasibu wa mradi katika ofisi ya Dodoma mjini. Mwandikiwa ni afisa mradi aliyeko Kondoa, kilomita 160 hivi kaskazini kwa barabara ya Babati. Afisa alichukua masurufu ya safari ya mafunzo, safari ikaisha, marejesho hayajakamilika. Jumatatu asubuhi mhasibu anafungua kompyuta na kuandika:

> Mada: RISITI!!!
>
> Mpaka leo hujatuma risiti za mafuta. Nilishakuambia mara mbili. Ninyi watu wa Kondoa mna tabia ya kuchelewesha mambo halafu lawama zinakuja kwetu. Tuma leo, vinginevyo hutapata masurufu ya safari ijayo.

Kwenye sehemu ya nakala ameweka jina la meneja.

Karibu kila kilichomo ni kweli. Risiti hazijafika, alishakumbushwa, na masurufu mapya hayatatoka. Lakini afisa wa Kondoa akimaliza kusoma, jambo linalobaki kichwani mwake si risiti, ni "ninyi watu wa Kondoa". Atalijibu hilo kwanza, kwa aya tatu, nakala kwa meneja huyohuyo, na risiti zitaendelea kukaa kwenye dashibodi ya gari.

Mhasibu mwingine, kwa kuogopa ugomvi wa namna hiyo, angeandika hivi:

> Mada: Salamu
>
> Kaka habari za kazi, pole sana na majukumu. Samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize. Nilikuwa naomba kama itawezekana, ukipata nafasi, unisaidie kidogo zile risiti, hata kama si zote, ili tuone tunafanyaje. Samahani tena kaka. Asante sana.

Hii haimuudhi mtu, na haimwinui mtu kitini. Isome ukiwa Kondoa: risiti zipi? Hata kama si zote, kwa hiyo moja inatosha? Lini? Nikipata nafasi. Basi nikipata nafasi nitaangalia.

Wengi huziona barua hizi mbili kama ncha mbili, wakadhani kazi ni kutafuta katikati: punguza ukali kidogo, ongeza samahani kidogo. Mimi sioni hivyo. Rudi kwenye ile barua kali uitazame vizuri. Nayo haisemi risiti zipi, haisemi ngapi, wala haisemi "leo" inaishia saa ngapi. Hasira imekaa mahali ambapo maelezo yalipaswa kukaa. Ndiyo maana kuilainisha barua kali si kuipunguza nguvu. Mara nyingi unaiongezea.

Hatua ya kwanza: litoe ombi nje

Kabla ya kugusa neno lolote kali, chukua karatasi au fungua ukurasa mpya, uandike ombi peke yake. Nani afanye, afanye nini, kitu gani hasa, mwisho lini. Usiweke salamu, usiweke historia, usiweke lawama. Sentensi moja tu.

Mhasibu wetu akijaribu kuandika sentensi hiyo atagundua kwamba haiwezi bila kufungua faili. "Risiti za mafuta" ni ngapi? Anafungua. Safari ilikuwa tarehe 3 hadi 5 Novemba. Fomu za posho zimo, zimesainiwa. Orodha ya mahudhurio imo. Risiti ya ukumbi imo. Zinazokosekana ni risiti tatu za EFD za mafuta. Sentensi inakuwa:

> Afisa mradi anitumie risiti tatu za EFD za mafuta ya safari ya tarehe 3 hadi 5 Novemba, kabla ya Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa 9:00 alasiri.

Faili limefanya kazi mbili kwa mpigo. Limelipatia ombi namba na tarehe, na limemwonyesha mhasibu kwamba mwenzake alishatuma sehemu kubwa ya makaratasi. Ukali wa asubuhi ulikuwa umelisahau hilo. Mara nyingine sauti ya barua hubadilika hapahapa, kabla hujafanya jitihada yoyote ya kuwa mpole.

Kuhusu muda, maneno matatu yafutwe bila huruma: "haraka", "mapema iwezekanavyo" na "wiki hii". Kwa mhasibu "haraka" ni kabla ya chakula cha mchana, kwa mtu aliye kijijini ni akirudi mjini. Andika jina la siku na tarehe pamoja, ili anayesoma barua siku mbili baadaye asibaki kuuliza ni Alhamisi ipi. Na saa iende na sehemu ya siku. "Saa 9:00 alasiri" haina utata, ilhali "saa 9" peke yake, hasa pale ambapo kalenda ya kompyuta inaonyesha 15:00 na kuna mwenzako anayehesabu saa za Kizungu, inaweza kusomwa kuwa asubuhi.

Usidanganye tarehe. Kama unafunga hesabu Ijumaa asubuhi, Alhamisi alasiri ni tarehe ya haki, inakuachia muda wa kukagua. Ukisema Jumanne ili upate Alhamisi, safari ya kwanza utafanikiwa. Safari ya pili watakuwa wamejua kwamba tarehe zako zina siku mbili za bure ndani yake.

Hatua ya pili: tafuta maneno yanayochoma

Sasa rudi kwenye barua kali na kalamu mkononi. Usianze kwa kuongeza adabu. Anza kwa kutoa vinavyochoma, kwa sababu "tafadhali" ikiwekwa juu ya neno linalochoma husomeka kama kejeli. Jaribu mwenyewe: "Tafadhali, mpaka leo hujatuma." Imekuwa mbaya zaidi.

Kichomi cha kwanza na kikubwa ni "wewe" aliyejificha ndani ya kitenzi. Hujatuma. Umechelewesha. Hukujibu. Umesahau. Kila kimoja kinamweka mtu kizimbani. Mbadala wake ni kuifanya karatasi iwe ndiyo inayozungumziwa: "risiti tatu hazijanifikia." Wapo watakaosema huko ni kuzungukazunguka. Si kweli. Unaposema "hujatuma" unadai kujua alichofanya mtu aliye kilomita 160 kutoka kwako. Huenda alizipakia kwenye basi la asubuhi na bahasha ipo mapokezi, chini ya magazeti. Unachokijua kwa hakika ni kwamba hazijakufikia. Kwa hiyo sentensi laini ndiyo ya kweli zaidi kati ya hizo mbili, na ikitokea umekosea huna haja ya kuomba radhi.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Wakishaona kwamba kumwondoa "wewe" kunatuliza, wanamwondoa kila mahali, hata kwenye ombi lenyewe: "Inaombwa risiti ziwasilishwe." "Wahusika watume nyaraka." "Naomba mtutumie." Sasa hakuna anayetakiwa kufanya kitu. Barua yenye "wahusika" ikienda kwa watu wanne, kila mmoja ataona mhusika ni mwingine. "Wewe" aondoke kwenye kosa, abaki kwenye ombi: *hazijanifikia*, halafu *naomba unitumie*. Ukikumbuka hili moja tu umepata sehemu kubwa ya kazi.

Kichomi cha pili ni maneno ya jumla: "ninyi watu wa Kondoa", "kila siku", "siku zote", "tabia". Haya hayabadilishwi, yanafutwa tu. Kama kweli kuna tabia ya ucheleweshaji, hiyo ni mada ya kikao, si ya barua ya risiti tatu. Ukiichanganya humu, risiti ndizo zitakazosahaulika.

Cha tatu ni vile vijineno vya kukumbusha kwa kukaripia: "mbona", "si nilikuambia", "kwa mara nyingine tena", "kama nilivyokwisha kukueleza". Kama ukumbusho una maana, weka tarehe: "niliandika kuhusu hili tarehe 10 na tarehe 13." Tarehe haikaripii mtu, ila kila anayesoma anaielewa. Kwa barua hii mimi ningeiacha hata hiyo, nikaitunza kwa barua inayofuata kama itahitajika.

Cha nne kinatuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi Dodoma, mji ambao barua rasmi imezoeleka kiasi kwamba mtu anaweza kuiandika akiwa nusu usingizini. "Yah:", "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", "unatakiwa", "unaelekezwa", "unakumbushwa". Kwenye barua ya wizara kwenda halmashauri ni lugha sahihi kabisa. Kwa mwenzako ambaye juzi mlikula naye nyama choma, ni kama kuvaa koti la mahakamani. Anaposoma "unakumbushwa" kutoka kwako anajiuliza ni lini mambo yamefika huko, na anaanza kutunza ushahidi. Kama mnaandikiana "kaka" siku zote, mwandikie "kaka" na leo.

Cha tano ni tisho. Wapole wengi wakilainisha barua huondoa kabisa sentensi ya "vinginevyo", na hapo wanamnyima mwenzao habari aliyoihitaji kuliko zote. Afisa wa Kondoa ana haki ya kujua kwamba safari yake ijayo iko hatarini. Matokeo yabaki, ila yasitoke kwako kama adhabu. Badala ya "vinginevyo hutapata masurufu", eleza jinsi mambo yanavyokwenda: kwa utaratibu wetu, masurufu mapya hayatoki kabla ya marejesho ya zamani kukamilika, kwa hiyo zisipofika Alhamisi, masurufu ya safari ya Chemba yatasubiri. Jambo ni lilelile, na wewe hujamnyooshea kidole. Sharti lake ni moja: liwe kweli. Ukisema masurufu yatasubiri halafu yakatoka, hakuna atakayeamini barua yako inayofuata.

Vilivyobaki havihitaji maelezo marefu. Herufi kubwa, alama za mshangao na maandishi mekundu vifutwe. Nakala ya meneja iondolewe. Nakala kwa bosi kwenye ombi kama hili ndiyo neno kali kuliko yote katika barua ile, ingawa halimo kwenye maandishi.

Hatua ya tatu: ulaini mmoja kwenye ombi, usizidi

Salamu kwanza. Barua isiyo na salamu imeshakuwa kali kabla ya ombi kufika, hata ikiwa na maneno ya asali. Lakini salamu ni mstari mmoja, na iwe ya mtu huyo: "Kaka, habari za Kondoa? Pole na safari za vijijini." Usiifanye aya. Ukimsalimu mtu kwa mistari sita, ifikapo wa nne anajua kuna kitu unakiogopa.

Kisha ombi lenyewe. Kiswahili kina namna nyingi za kulainisha kitenzi, na kishawishi ni kuzitumia zote kwa pamoja. Tazama jinsi uzito unavyoshuka:

> Tuma risiti.
> Naomba utume risiti.
> Ningeomba utume risiti.
> Nilikuwa naomba, kama inawezekana, utume risiti.
> Nilikuwa naomba, kama itawezekana na ukipata nafasi, unisaidie kutuma risiti.

Ya kwanza ni amri. Ya pili inatosha kwa karibu kila barua ya kazi: "naomba" inabeba heshima, "utume" inabaki wazi kuhusu nani na nini. Ya tatu ni sawa kwa mtu aliye juu yako au kwa jambo ambalo si wajibu wake. Kuanzia ya nne umeshaweka mlango wa kutokea. "Kama inawezekana" ni swali, na swali linaweza kujibiwa hapana. "Ukipata nafasi" inaifuta tarehe yako hata kama umeiandika mstari wa chini, kwa sababu msomaji akikuta "ukipata nafasi" na "Alhamisi" katika barua moja, atachagua kinachompendeza.

"Tafadhali" nayo ina mahali pake, lakini si rafiki wa amri. "Tafadhali tuma risiti" inasomeka kama bango la "tafadhali usikanyage majani". "Naomba" ina mtu ndani yake anayeomba, ndiyo maana inalainisha vizuri zaidi.

"Unisaidie" ni neno zuri linalotumika vibaya. Kurejesha masurufu ni wajibu wa aliyeyachukua. Ukisema "unisaidie risiti" umeugeuza wajibu kuwa hisani, na hisani mtu hufanya akijisikia. Litunze kwa mambo ambayo kweli ni msaada: "Unisaidie kumuuliza dereva kama anakumbuka kituo cha mafuta." "Kidogo" ifutwe tu. Ukiomba kidogo utapewa kidogo. Na "samahani" itumike ukiwa umekosea au umemwandikia siku ya mapumziko. Kuomba radhi kwa sababu unafanya kazi yako kunamwambia mwenzako kwamba ombi lenyewe lina kasoro.

Hatua ya nne: sababu moja na njia ya kurahisisha

Sababu hulainisha kuliko sifa. Mtu akijua kwa nini ni Alhamisi, tarehe haionekani tena kama ubabe. Lakini iwe moja, na iwe ya kazi: nafunga hesabu za safari hiyo Ijumaa asubuhi. Ukitoa sababu tatu unaonekana unajitetea.

Halafu tafuta kitu kinachoweza kumpunguzia kazi bila kupunguza ombi. Hapa ndipo ulaini wa kweli ulipo, na kila anayeshughulika na risiti anaujua: picha ya simu. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofanya kazi kwa joto, na maandishi yake hufifia, hasa ikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani. Risiti ya wiki mbili kwenye dashibodi inaweza kuwa imeanza kuwa karatasi nyeupe. Kwa hiyo kumwambia apige picha leo na kuzituma zenyewe baadaye ni kumrahisishia yeye na kujilinda wewe. Sema pia picha iweje, la sivyo utapata picha ya kiganja na kivuli: namba ya risiti, tarehe na jumla ya fedha vionekane.

Na mpe nafasi ya kusema ukweli kama kuna tatizo. Mara nyingi mtu anayechelewesha risiti tatu kati ya makaratasi yote amepoteza moja, na anaona aibu. Barua kali humfanya azidi kunyamaza. Mstari mmoja wa "kama kuna iliyopotea, niambie leo" unaweza kuokoa wiki nzima.

Barua ikishakamilika

> Mada: Naomba risiti 3 za EFD (mafuta, safari ya 3–5 Novemba) kabla ya Alhamisi saa 9:00 alasiri
>
> Kaka, habari za Kondoa? Pole na safari za vijijini.
>
> Naomba unitumie risiti tatu za EFD za mafuta ya safari ya tarehe 3 hadi 5 Novemba, kabla ya Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa 9:00 alasiri. Fomu za posho, mahudhurio na risiti ya ukumbi zimenifikia na ziko sawa. Zilizobaki ni hizo tatu tu.
>
> Nafunga hesabu za safari hiyo Ijumaa asubuhi. Kwa utaratibu wetu masurufu mapya hayatoki kabla ya marejesho ya zamani kukamilika, kwa hiyo zisipofika Alhamisi, masurufu yako ya safari ya Chemba yatasubiri hadi mwezi ujao.
>
> Kwa sasa picha ya simu inatosha, mradi namba ya risiti, tarehe na jumla ya fedha vinasomeka. Zenyewe zinaweza kuja na gari la wiki ijayo. Kama kuna iliyopotea, niambie leo tuangalie la kufanya.
>
> Asante kaka.

Ombi limekuja mara baada ya salamu, halikusubiri mwisho. Wengi huona adabu ni kuanza na sababu na kumalizia na ombi, na ana kwa ana ni kweli. Lakini barua hii itafunguliwa kwenye simu, pengine barabarani, na mstari wa tano huenda usionekane. Mada nayo inabeba ombi zima. Asipofungua barua yote, bado amejua anachotakiwa.

Tazama pia kwamba "ziko sawa" na "hizo tatu tu" ndizo sentensi laini kuliko zote humo, na zote mbili ni taarifa za kazi. Mwenzako anasoma kwamba kazi aliyoifanya imeonekana.

Ipime kabla ya kuituma. Funika salamu na shukrani kwa mkono, usome kilichobaki. Kama ombi bado liko wazi, halikupotea. Kisha funika ombi, usome kilichobaki. Kama humo mna neno ambalo usingeweza kumwambia mtu huyo uso kwa uso mkisubiri chai, lifute.

Mwandikiwa akiwa mkubwa kwako kwa umri

Ofisi nyingi zina mama wa manunuzi au mzee wa stoo ambaye kwa cheo mko sawa, au yuko chini yako, lakini kwa umri ni mzazi wako. Vijana hapa huchanganyikiwa: ama wanaandika kibosi na kuonekana hawakulelewa, ama wanafuta tarehe kwa heshima. Badilisha salamu na kitenzi, usiguse kingine:

> Mama, shikamoo. Natumaini umeamka salama.
>
> Ningeomba unitumie nukuu tatu za bei za viti vya ofisi kabla ya Jumatano tarehe 19 Novemba, saa 6:00 mchana. Kamati inakaa saa 8:00 mchana siku hiyo, na bila nukuu tatu haiwezi kujadili.

"Shikamoo" imebeba heshima yote inayohitajika. Nukuu ni tatu na saa ni sita mchana, vilevile kama angekuwa rika lako. Kitu kimoja zaidi kwa wakubwa: kama ombi lina lawama ndani yake kwa namna yoyote, usiliandike. Nenda ofisini kwake, usalimie, useme, kisha barua iwe ya kuthibitisha mlichokubaliana.

Kusoma jibu

Jibu ndilo litakalokuambia kama umelainisha vizuri. Akikujibu kwa maelezo marefu ya kujitetea, gari liliharibika, mtandao ulikuwa chini, na mwaka jana nanyi mlichelewesha, basi kuna kichomi ulikiacha. Kitafute kabla ya kujibu, usibishane na maelezo.

Akijibu "sawa", "nimekupata" au lile pendwa la maofisini, "nalifanyia kazi", hujapata jibu bado. Kama barua yako ilikuwa na tarehe, uliza kwa mstari mmoja: "Asante kaka. Kwa hiyo nitegemee Alhamisi saa 9:00?" Ukikuta barua yako haikuwa na tarehe, kosa ni la barua. Andika upya yenye tarehe.

Jibu zuri lina siku ndani yake, au lina tatizo ndani yake. "Mbili ninazo, moja imefutika" ni jibu zuri sana, hata kama halikufurahishi.

Asipojibu

Jumatano mchana kukiwa kimya, jibu juu ya barua ileile, usianzishe mpya, ili maelezo yote yabaki chini yake. Iwe fupi kuliko ya kwanza na isiwe na samahani:

> Kaka, narudi kwenye ombi la Jumatatu. Risiti tatu za mafuta hazijanifikia, na mwisho ni kesho saa 9:00 alasiri. Kuna kinachokwamisha?

Swali la mwisho ni la kweli, si la kejeli, kwa hiyo liishie na alama moja ya kuuliza. Asipojibu hilo, piga simu. Kwa watu walio njiani kati ya Chemba na Kondoa simu hufika pale ambapo barua pepe inasubiri mtandao, na sauti ya mtu hulainisha mambo ambayo maandishi hayawezi. Baada ya simu andika mistari miwili ya mlichokubaliana.

Meneja anaingia baada ya hapo, na aingie kwa mlango wa mbele. Mwambie mwenzako kwanza: "Nitalazimika kumweleza meneja leo jioni ili ajue safari ya Chemba inaweza kusogea." Kisha mwandikie meneja ukiweka tarehe za barua zako na risiti zinazokosekana, bila sifa wala lawama. Kwa kuwa barua zako zote zilikuwa za kistaarabu na zenye tarehe, hazihitaji kuelezewa.

Yapo mambo ambayo hayalainishwi kwa njia hii. Ukiona risiti imebadilishwa tarakimu, au mtu anaombwa asaini posho ambayo hakupokea, hiyo si barua ya "kaka, habari za Kondoa". Unamweleza msimamizi kwa utaratibu wa ofisi, na lugha rasmi hapo ndiyo mahali pake. Vivyo hivyo jambo la usalama: gari lisilo na breki halisubiri "naomba". Piga simu, sema gari lisitoke.

Risiti zikifika, jibu siku hiyohiyo. Sema ulichopokea na kilichofuata: "Nimepokea zote tatu, zinasomeka. Marejesho nayafunga kesho asubuhi, na masurufu ya Chemba yanaingia kwenye orodha ya wiki ijayo. Zenyewe nazisubiri na gari."